Barua Iliyosomwa Nusu

Mwalimu mwenzangu wa Hisabati hakuwa mtu wa riwaya. Katika miaka yote tuliyofundisha pamoja Kisumu, nilimsikia akiisifu moja tu, Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, aliyoisoma akiwa mwanafunzi. Bado alimkumbuka mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake. Riwaya nyingine, alisema, zinamchosha kwa kuwa ukifika mwisho hakuna jibu. Basi muhula wa tatu ulipokaribia kufungwa, akaniambia anakwenda kukaa Yala likizo nzima kumuuguza mamake aliyeanguka akaumia nyonga, na kwamba angependa kitabu cha kumshika usiku, mama akishalala. Papo hapo nilijua ni kipi nitakachompa.

Kilikuwa kitabu cha Agatha Christie cha mwaka 1926, The Murder of Roger Ackroyd. Nakala yangu niliinunua Kibuye kwa muuza vitabu vya mitumba, nayo haikuwa na jalada la nyuma. Sikusikitika. Maneno ya jalada la nyuma huandikwa na mtu anayetaka kuuza, na mtu wa namna hiyo hajui pa kunyamazia.

Tulikuwa Dunga siku hiyo, tumeagiza samaki na ugali, tukingoja. Akaniuliza, "Kinahusu nini, Mwalimu?"

Swali dogo, lakini nilikuwa nimeliwazia njia nzima. Nilimwambia kuna kijiji Uingereza, King's Abbot, ambako hakuna siri inayolala nje, kila kitu kinajulikana kabla ya chai ya asubuhi. Mjane mmoja tajiri anafariki. Kabla hajafa alikuwa akikamuliwa pesa na mtu aliyeijua siri yake. Jioni inafika barua aliyoiandika mjane huyo mwenyewe, na ndani yake kuna jina la aliyekuwa akimkamua. Bwana Ackroyd, ambaye ndiye aliyeandikiwa, anaifungua, anaanza kuisoma kwa sauti. Anapokaribia jina, anasita. Anaikunja. Anasema ataimalizia baadaye, akiwa peke yake.

"Halafu?"

"Halafu usiku huohuo anakutwa amekufa chumbani mwake, na barua haipo."

Mwenzangu aliacha kunawa mikono. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye kiwiko na msichana wa birika amesimama anamngoja. "Kwa nini hakumalizia kuisoma?" akasema, kwa hasira kabisa, kama vile Ackroyd ni mwanafunzi wake aliyeacha hesabu katikati.

Nikajua ameshanasa. Hapo nikanyamaza.

Hayo yote niliyomwambia yanapatikana katika sura tano za mwanzo, na kitabu kina sura ishirini na saba. Mwandishi mwenyewe anayaweka mezani mapema ili uulize. Mimi sikufanya zaidi ya kuuliza swali lake kwa sauti. Lakini hata katika sura hizo tano si kila kitu kinafaa kutajwa. Ukimsimulia mtu riwaya ya upelelezi, kila unachokitaja unakitia alama. Nikisema, "Kisha kulikuwa na simu," yeye ataisoma ile simu kwa macho mengine, ataishikilia, atauliza kwa nini Mwalimu aliikumbuka simu na si ule moto wa mekoni. Kwa hiyo nilichagua barua, kwa sababu mwandishi ameipigia ngoma yeye mwenyewe, hakuna msomaji anayeweza kuipita bila kuiona. Tena nikamwongezea kitu ambacho hakimdhuru mtu: kwamba mpelelezi, Hercule Poirot, amestaafu na amehamia kijijini humo kulima mung'unye, na mara ya kwanza anapotokea, anaurusha mung'unye juu ya ukuta kwa hasira, unaangukia kwa jirani. Hilo lilimchekesha sana, maana kwao Yala wanalima.

Jambo ambalo sikumwambia ni kwamba mwisho utamshangaza. Watu wengi hudhani hilo si kutoboa siri, kwa kuwa hujataja jina. Lakini msomaji uliyemwambia "mwisho hutauamini" hasomi tena kitabu, anakivizia. Kila anayeonekana mwema anamweka kando kama mshukiwa, kila sentensi tulivu anaigeuza chini juu, na akili yenye nguvu itafika mapema kwa sababu tu imeambiwa kuna mahali pa kufika. Nilimwambia ni hadithi ya mauaji iliyopangwa vizuri, basi. Nilitamka hivyo kwa sauti ileile niliyotumia kuagiza pilipili.

Taabu ilikuja samaki walipoletwa. Mtu wa Hisabati hakai na swali. "Aliyemuua ni mtumishi wake."

"Soma."

"Ana mke? Ana watoto?"

Nikampa watu wa nyumba ile kama kitabu kinavyowaleta: shemeji mjane na bintiye, mtoto wa kambo anayependa matumizi, karani, mwindaji aliyekuja kutembea, msimamizi wa nyumba, mtumishi mkuu, msichana wa kazi. Akaanza kuwapitia mmoja mmoja kwa kidole. Hapo ndipo wengi humwaga mtama kwenye kuku wengi. Ukimwambia "hapana" kwa mtumishi, kisha ukakaa kimya kwa karani, umeshasema. Na huyu alikuwa mtu wa kuondoa yasiyowezekana mpaka libaki moja. Ndiyo kazi anayowafundisha watoto kila siku. Kwa hiyo kila jina alilolitaja nililijibu kwa neno lilelile, "Soma," na kwa mwendo uleule. Si upesi, si polepole. Uso nao niliuelekeza kwenye samaki. Nilikuwa ninatoa miiba ya kichwani, kazi inayotaka macho yote mawili, na kila alipotaja jina niliendelea kutoa mwiba.

Baada ya muda akakata tamaa, akacheka. "Wewe ungefaa kuwa shahidi mahakamani."

Usiku ule nilikifungua kitabu nyumbani ili nikikague kabla ya kumkabidhi, kwa bahati nzuri. Mwenyewe wa kwanza, awaye yote, alikisoma mara ya pili akiwa na penseli. Alikuwa amepiga mistari chini ya sentensi chache, nazo zote zilikuwa zenyewe hasa. Mahali pamoja aliweka alama ya mshangao pembeni. Katika riwaya ya mapenzi mstari wa penseli hauharibu kitu. Katika riwaya ya upelelezi, mistari saba iliyopigwa na mtu anayejua mwisho ni sawa na kumpa msomaji karatasi ya majibu.

Nilichukua raba nikafuta. Penseli ilitoka, lakini aliyeandika alikuwa ameikandamiza, na nilipoinamisha ukurasa kwenye taa nikaona vijifereji vimebaki, vinang'aa kidogo kwenye karatasi ile ya manjano. Mwenzangu ana macho, angeviona. Nikakaa nikafikiri. Hatimaye nikachonga penseli, nikaanza upya kuanzia sura ya kwanza, nikapiga mistari chini ya maneno magumu ya Kiingereza, kama anavyofanya mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Pembeni niliandika maana kwa Kiswahili. Palipokuwa na kijifereji nilipita juu yake tena, kisha nikachagua neno moja katika sentensi hiyo nikaliandikia maana, ili ionekane limepigiwa mstari kwa ajili ya msamiati tu. Nilijaza kurasa nyingi zisizo na lolote. Kulikuwa kunakucha nilipolala, na sijawahi kuona usiku niliotumia vizuri kuliko ule kwa ajili ya kitabu.

Alikwenda nacho Yala. Siku chache baadaye ujumbe ukaanza kuingia kwenye simu. "Mwalimu, kuna kiti kimesogezwa kutoka ukutani. Nani alikisogeza?" Ni Poirot mwenyewe anayekiulizia kile kiti, kwa hiyo swali lilikuwa halali, nikajibu, "Soma." Kesho yake: "Nimechora jedwali la saa. Kila mtu alikuwa wapi kuanzia saa tatu kasorobo usiku. Mtu mmoja hana ushahidi." "Soma." Kisha: "Nimekosea, wawili." Nilitamani sana kumwuliza ni akina nani, lakini swali langu pia lingekuwa jibu, angejiuliza kwa nini kwa hao nimeuliza na kwa kiti sikuuliza.

Halafu kukawa kimya. Mtu aliyekuwa akiandika kila siku akanyamaza, nami nikajua amefika wapi.

Shule zilipofunguliwa Januari alinipata chumba cha walimu, hakunisalimu. Alinivuta mkono mpaka stoo ya vitabu vya Hisabati, akafunga mlango, kwa sababu mwalimu mgeni wa Fizikia alikuwa amekaa pale na hakutaka asikie hata jina la mtu. Tuliongea mpaka kengele ikalia. Alikuwa amerudi sura ya nne, kwenye ile barua, akaisoma upya sentensi kwa sentensi kama anayesahihisha hesabu, akiamini lazima mwandishi amemdanganya mahali. Alinionyesha alichokipata. Siwezi kukiandika.

"Na mistari ya penseli?" nikauliza.

"Ile? Ni ya mtoto wa shule. Mahali pengine alifuta akaandika tena, niliona alama kwenye taa. Anajua maneno machache sana, maskini."

Sikumwambia neno.

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulitarajia. Mamake, kule Yala, alikuwa akimwona kila usiku ameinamia kitabu, akamwambia amsimulie. Basi kila usiku alimsimulia kwa Dholuo sura aliyoimaliza, wala yeye mwenyewe hakujua sura inayofuata ina nini. Alipokwisha kuujua mwisho, ilibidi amsimulie sura kadhaa za mwisho huku anajua, na mama, aliyemzaa, akimtazama usoni. Aliniambia alizima taa, akasimulia gizani.

Nikamwuliza kama mama alikisia. Akasema ndiyo, tangu usiku wa pili alitaja jina moja, hakulibadili tena, na kila mwanawe alipomwuliza kwa nini, alijibu kwamba ameishi na watu miaka mingi. Jina hilo aliniambia mle stoo. Kama mama alipatia au alikosa, nalo litabaki humohumo.