Hawa "kami" ni akina nani?

Vyombo nimeosha, nguo nimekunja, mtoto kalala, na bado sauti ya Bu wa Malang iko masikioni. "Bu" ndiyo heshima ya mama hapa Indonesia, na huyu ni mwalimu mstaafu wa fizikia anayetafsiri kwa Kiindonesia kitabu cha shule cha darasa la nane, aliyenitumia tempe, soya iliyochachushwa, kwa basi Ramadhani iliyopita. Hajawahi kunipandishia sauti hata siku moja. Jumanne pia hakupandisha, na ndiyo maana imeniuma.

Tulikuwa kwenye kikao cha video, mimi na wafasiri wote wanne, tukiupitia mwongozo wa mtindo wa tafsiri zetu ukurasa kwa ukurasa. Kurasa tisa, kazi yangu ya miezi miwili. Tulipofika ukurasa wa tatu Bu akavua miwani.

"Mbak, samahani ya. Hawa 'kami' hapa ni akina nani?"

Nikajibu upesi, kama mtu mwenye uhakika: "Mwandishi na wanafunzi, Bu."

"Oh. Kwa hiyo wanafunzi wamo ndani?"

"Wamo."

"Oh, begitu." Yaani, kumbe ndivyo. Akavaa miwani, akanyamaza. Wale watatu nao wakanyamaza. Mas, yule kaka mfasiri wa Bandung, akajifanya anatafuta chaja.

Nilielewa baada ya nusu dakika, na nusu dakika hiyo nimeirudia tangu Jumanne mpaka leo. Kiindonesia kina "sisi" mbili. "Kita" ni mimi pamoja na wewe ninayezungumza nawe. "Kami" ni mimi na wenzangu, wewe haumo. Najua hilo tangu mwezi wangu wa kwanza hapa Yogyakarta, nilipokuja kwa Darmasiswa, ufadhili wa masomo wa serikali ya Indonesia, wa mwaka mmoja, na sasa ni mwaka wa tisa. Ila kulijua ni jambo moja, na kuwa na "sisi" moja tu tumboni tangu utotoni Tanga ni jambo jingine. Sisi yetu inabeba wote, nani yumo na nani hayumo msikilizaji atajua mwenyewe.

Utetezi ninao, ingawa siku ile sikuutoa. Mtaani, hasa kwa watu wa Jakarta, "kita" inatumika hovyo hata pale panapotakiwa "kami". Nikajijengea kichwani kwamba "kita" ni ya kijiweni na "kami" ndiyo ya heshima, ndiyo ya vitabuni. Basi nikaandika kwenye mwongozo, kwa herufi nzito: matini asilia ikisema tunaona, tunapima, tunahesabu, tumieni "kami". Wafasiri wawili wakatii. Kitabu kizima cha darasa la saba kikawa kinasema "Kami melihat air naik", tunaona maji yanapanda, sisi wenyewe, na wewe mtoto uliyenunuliwa kitabu hiki baki dirishani utuchungulie.

Wiki hiyohiyo volkano yetu, Merapi, ilitumwagia majivu siku mbili na wifi yangu akajifungua mapacha. Nilikwenda hospitali, nikabeba mmoja, nikawaza "oh, begitu".

Usiku wa Jumatano aibu ilinizidi. Nikafungua faili la darasa la saba, nikaiambia kompyuta itafute kila "kami" iweke "kita", badilisha zote. Ikanipa jibu: mabadiliko mia mbili na kumi na mawili. Nikalala kama mtu aliyelipa deni.

Asubuhi Mas wa Bandung kanitumia picha ya ukurasa, bila neno, uso tu unaolia kwa kucheka. Palipokuwa na agizo la kukusanya ripoti kabla ya Alhamisi, "hari Kamis", sasa pameandikwa "hari Kitas". Kamis ina kami ndani yake! Sikuweka alama kwenye kile kisanduku cha kutafuta neno zima tu. Na Kitas, kwa wageni sisi tunaoishi hapa, ni kile kibali cha ukaazi ambacho bila hicho huna kwako. Wanafunzi wa darasa la saba walitakiwa kukusanya ripoti ya maji na mrija siku ya kibali cha ukaazi.

Nilicheka mpaka mume wangu akatoka bafuni na povu. Ndipo nikaona kosa la pili, ambalo halichekeshi sana. Kuna "kami" zilizokuwa sahihi kabisa. Kwenye dibaji, mchapishaji anawashukuru walimu, ile ni kami, maana walimu wanaoshukuriwa hawajishukuru wenyewe. Kwenye hadithi ya sura ya nne, watoto wanamwambia mlinzi wa makumbusho "Kami dari kelas delapan, Pak", tumetoka darasa la nane. Baada ya mabadiliko yangu, mzee wa watu na kofia yake naye akawa mwanafunzi wa darasa la nane.

Basi nimezisoma zote, moja moja, nikiuliza swali la Bu kila mara. Na ukurasa wa tatu nimeuandika upya. Sikuweka tena kanuni ya "neno hili tafsiri hivi". Nimeweka swali lenyewe, kisha mifano mitatu: maelezo ya somo, dibaji, mazungumzo. Maagizo nimeyavua kiwakilishi kabisa. Mfasiri mmoja alikuwa akimwita mwanafunzi "Anda", wewe wa heshima, mwingine "kamu", wewe wa kawaida, mwingine "kalian", ninyi, sasa wote wanaandika "Amati gambar", tazama picha, basi. Tahajia sikuigusa. Ina kanuni zake rasmi, toleo la tano la mwaka 2022, na mwongozo unaonakili kanuni zilizokwisha kuandikwa hakuna anayeusoma. Wetu useme pale tu ambapo watu wanne wenye akili wanaweza kuchagua vitu vinne tofauti.

Mfano mzuri niliupata mwenyewe Ijumaa, na nakiri nilifurahi. Darasa la saba, Mas ameita spidi "kecepatan", kama inavyosemwa barabarani. Darasa la nane, Bu ameita spidi "kelajuan", na "kecepatan" ameiweka kwa velositi, ile yenye mwelekeo, kama fizikia inavyotaka. Kila kitabu peke yake kinasomeka vizuri. Lakini sura ya pili ya darasa la nane ina mkimbiaji anayezunguka uwanja wa mita 400 kwa sekunde 100 na kurudi alipoanzia. Kelajuan yake ya wastani ni mita 4 kwa sekunde. Kecepatan yake ya wastani ni sifuri, kwa sababu hajaenda popote. Mtoto aliyefundishwa mwaka jana kwamba kecepatan ni umbali gawanya kwa muda ataandika 4, atakosa, na hatajua kwa nini.

Nimeandika mistari miwili kwenye jedwali la istilahi, na mkimbiaji nimemweka humo humo kama mfano. Nikamtumia Bu. Akajibu: "Nah, ini kita." Yaani, haya, hii sasa ni kita. Nimeusoma ujumbe huo mara ngapi sisemi.

Ila hiyo Kitas imenikumbusha. Yangu inaisha tarehe 19 mwezi ujao. Barua ya udhamini iko mezani wiki ya pili sasa, chini ya bili ya umeme, haina sahihi. Leo asubuhi tumetafuta kitabu cha ndoa kwa ajili ya nakala, na kwenye droo yake hakimo.