Siku moja maishani mwangu: waya wa kuazima na Gredi ya 6

Saa 12:30 asubuhi. Kabla ya kengele nazunguka shule na simu mkononi, nikitafuta mahali pa kuweka ruta ya intaneti. Tuko Nyakach, Kisumu, chini ya mlima wa Nyabondo, na mwinuko huo unaziba mawimbi ya simu. Kwenye simu, sehemu ya SIM status, nasoma nguvu yake: darasani, chini ya mabati, -115 dBm, dirishani pa ofisi ya walimu, -92 dBm. Namba ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi. Basi ruta ya laini ya simu itakaa dirishani.

Saa 2. Wi-Fi ya ruta inapita kuta mbili za mawe kabla ya kufika Gredi ya 6, kwa hiyo vishikwambi vinaiona na kuipoteza. Ndiyo maana jana niliazima waya wa Ethernet wa mita 30 kwa kijana mwenye saiba sokoni Katito. Waya wa aina hii husafirisha intaneti hadi mita 100, na sisi tunahitaji kama 20.

Saa 3. Naupitisha juu, kwenye boriti za veranda, watoto wasiukanyage. Upande mmoja nachomeka kwenye tundu la LAN la ruta, wa pili kwenye laptopu. Taa ya tundu haiwaki.

"Mwalimu, kichwa cha waya kinarudi nyuma," anasema msichana wa dawati la mbele.

Ni kweli. Kilimi cha plastiki cha kushikilia kimevunjika. Nakisukuma mpaka ndani, nakifunga kwa selotepu, na taa ya kijani inaanza kupepesa. Darasa zima linapiga makofi.

Saa 4:30. Nawasha Mobile hotspot ya laptopu ili igawie vishikwambi intaneti. Windows inaruhusu vifaa 8 tu, na watoto ni 40, hivyo watano wanagawana kishikwambi kimoja. Mwanzoni hakuna ukurasa unaofunguka, kwa kuwa vishikwambi vilipoonja intaneti vilianza kusasisha programu zao vyenyewe, na bando linayeyuka. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya kila kimoja nachagua Metered, yaani data ni ya kupimwa, navyo vinatulia.

Sasa tunafungua worldview.earthdata.nasa.gov, tunakoona picha za setilaiti za kila siku. Tunaikuza Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Siku nyingine ni mawingu meupe matupu. Tunarudi nyuma hadi tunapata tarehe safi, na magugumaji yanaonekana kama doa la kijani karibu na ufuo. Tunasogeza tarehe: doa limehamia. Wanabishana ni upepo au ni mkondo wa maji. Mvulana mmoja anaweka kidole kwenye kioo: "Hapa ndipo boti ya baba ilikwama." Kipindi cha mwenzangu kimeshaanza, naye anaingia, anakaa nyuma na kutazama.

Saa 8:30. Mawingu meusi yanatanda kutoka ziwani. Radi za huku zinaweza kupitia waya wa nje na kuua ruta na laptopu pamoja, kwa hiyo nauchomoa pande zote mbili na kuukunja kwa duara kubwa, usivunjike ndani.

Saa 11 jioni. Katito. Kijana wa saiba anachungulia selotepu, anachukua koleo lake. "Ngoja nikubanie kichwa kipya, mwalimu. Kesho uje uuchukue tena."