Embe, punda na binti anayedaka: nilivyochagua kati ya rasimu tatu

Hadithi yenyewe ni fupi. Binti wa Lamu anamfuata punda wa babu yake vichochoroni, shogi inapasuka, mzigo unaanza kudondoka, naye anadaka kimoja baada ya kingine mpaka wafike gatini. Niliiandikia watoto wa miaka minne hadi saba, umri wa ninaowafundisha chekechea. Wachoraji wawili vijana waliniletea rasimu tatu za kurasa zile mbili zinazotazamana ambapo nazi ya kwanza inaanguka. Ndiyo, mwanzoni zilikuwa nazi.

Nilikuwa nimeshaipenda ya kwanza kabla hata ya kukaa chini. Mchoraji ameitazama mitaa kutoka darini: mlango wa nakshi, baraza, paka watatu, makuti, kipande cha bahari kwa mbali. Ya pili ilikuwa na binti mwenye macho makubwa ajabu na punda anayecheka. Ya tatu ilikuwa kavu: punda kwa ubavu, binti, nazi, na nyuma yao mwenye punda kainua fimbo. Ukuta wa nyuma mistari miwili tu.

Tatizo ni kwamba ya kwanza ilishatiwa rangi na zile mbili zilikuwa za penseli. Rangi hukuhonga. Nilizipiga fotokopi zote tatu nyeusi na nyeupe, kwa ukubwa mmoja, nikafunika maneno. Nikazibandika ukutani nikarudi nyuma hatua tatu, kwa sababu mwalimu akisomea darasa, mtoto wa nyuma anakiona kitabu kwa umbali kama huo. Ya kwanza ikageuka ukungu wa kijivu. Nilimtafuta binti kwa macho, na mimi najua alipo.

Kisha nikachukua kalamu nene, nikaweka karatasi nyembamba juu ya kila rasimu na kuwajaza binti na punda weusi tititi, kama vivuli. Kama tendo halisomeki kwenye kivuli, uso mzuri na nguo nzuri havitaliokoa. Katika ya pili mikono ya binti ilikuwa mbele ya kifua chake, basi kwenye kivuli ikapotea yote, akawa kama gunia lenye kichwa. Katika ya tatu mikono ilitoka nje ya mwili, magoti yamekunjwa, na kati ya vidole na nazi kulikuwa na nafasi nyeupe.

Hiyo nafasi sikuijua thamani yake mpaka nilipokwenda kwa watoto. Niliwaita tisa, mmoja mmoja, kwenye kibaraza cha nyumba yetu. Ukiwaita kwa kundi, wa kwanza akisema "punda amelala", wote wanaona punda aliyelala. Wala sikuwauliza wamependa ipi, maana mtoto aliyelelewa vizuri atamwambia mwalimu wake kwamba zote nzuri. Niliuliza, "Nini kinatendeka hapa?" nikanyamaza, nikaandika maneno yao kama walivyoyatamka. Kila mtoto nilimbadilishia mpangilio wa karatasi.

Kwa rasimu ya kwanza nilipata hadithi nyingi za paka. Wawili tu walimtaja binti. Kwa ya pili, watano walisema binti anamrushia punda nazi. Nilishangaa, nikaitazama tena, nikaona wana haki: nazi ilikuwa imegusa kiganja, na kitu kilichogusa mkono kinaweza kuwa kinakuja au kinakwenda. Isitoshe, ilichorwa palepale kurasa mbili zinapokutana, na kitabu kikishonwa nusu yake ingemezwa. Kwa ya tatu, saba walisema binti anadaka.

Jambo jingine lilijitokeza hapo. Punda wa rasimu ya pili alikuwa anaelekea kushoto. Kitabu cha Kiswahili hufunguliwa kuelekea kulia, kwa hiyo punda yule alikuwa anarudi alikotoka. Lakini watoto wetu wanasoma chuoni pia, na mmoja alianza kusimulia kutoka kulia bila kusita, kama anavyofuata msahafu. Kwake yeye punda yule alikuwa anakwenda mbele. Niliamua kufuata mwelekeo wa kitabu, ila nikahakikisha mzigo na macho ya binti vinaonyesha njia, asitegemee mtoto upande anaoanzia kusoma.

Baada ya hapo niliuliza, "Yupi ungemkaribisha nyumbani?" Hapo binti wa macho makubwa akashinda, sita kwa tisa. Nikakaribia kubadili mawazo. Nikamwambia mchoraji wake, "Kaka, nichoree uso wake amekasirika, ameogopa, analia, anacheka." Zikaja nyuso nne zenye tabasamu. Macho yalichukua nafasi yote ya paji, nyusi hazikuwa na pa kukaa, na bila nyusi hakuna hasira. Binti wa rasimu ya tatu, mwenye macho ya nukta mbili, alinipa nyuso zote nne. Kasoro yake ilikuwa mwilini: nilimpima kwa kichwa chake, akatoka vichwa saba, na huo ndio urefu wa mtu mzima. Mtoto wa miaka mitano huwa kati ya vitano na sita. Ndiyo maana watoto walimwita "yule mama". Tuliposhuka hadi vinne, kwa kutia chumvi ya kitabu, akawa mtoto mwenzao.

Punda nilimpelekea jirani yangu mzee anayefuga punda. Aliitazama ya pili akasema, "Huyu mwanangu ni farasi." Mkia ulikuwa na nywele tangu juu, ilhali wa punda huwa na kishungi mwishoni tu, na shungi la shingoni lilimlalia badala ya kusimama. Watoto wa Lamu wanawaona punda kila siku, kwa hiyo kosa hilo hata mimi ningeumbuliwa nalo.

Ikabaki swali la kufaa. Katika rasimu niliyoichagua, mtoto mmoja aliacha kuzungumza, akaweka kidole kwenye fimbo: "Mbona anampiga punda?" Fimbo haikuwemo kwenye maneno yangu, mchoraji aliiweka kwa mazoea. Tuliitoa, yule mtu akabaki na kamba mkononi. Mwingine alisema nazi itampasua binti kichwa. Hilo lilikuwa kosa langu, si la mchoraji. Nazi yenye makumbi ikimwangukia mtoto inaumiza kweli, nami nilikuwa nawafundisha wasimame chini yake. Nikaandika upya: shogi ina maembe.

Rasimu mpya niliwaonyesha watoto tisa wengine, wasioijua hadithi. Wanane walisema anadaka embe. Wa tisa, binti wa miaka mitano, alifikiri sana halafu akasema, "Anaomba dua." Mikono miwili sambamba, viganja wazi, uso juu. Ukikaa nasi hapa utamwelewa. Nikampigia mchoraji, akatenganisha mikono, mmoja juu na mmoja chini kidogo, vidole vimepinda kama vya golikipa, na mguu mmoja ukanyanyuka kutoka ardhini.