"Ndiyo" ya Mtoto wa Darasa la Tano

Nilikuwa nikisomesha hesabu katika skuli moja ya msingi karibu na Wete, Pemba, na kama ilivyo desturi kwa walimu wanaume wenye sauti nzito, nilikuwa nimebebeshwa pia mambo ya nidhamu. Msimu mmoja wa karafuu nilimhoji mtoto mmoja mara mbili kwa shauri lile lile, nikapata maelezo mawili yasiyofanana. Mahojiano ya kwanza yananitia haya mpaka leo.

Malalamiko aliyaleta baba wa mtoto wa darasa la tatu, mwenye umri wa miaka 8. Mwanawe alikuwa akinyang'anywa shilingi 200 za malai wakati wa mapumziko. Jambo hilo lilikuwa limetokea siku nne katika muda wa wiki mbili, na siku ya mwisho, Alhamisi, alisukumwa mtaroni akachubuka kiwiko. Aliyetajwa ni mtoto wa darasa la tano, miaka 11, mrefu kuliko wenziwe wote. Nilimwita chumba cha walimu, walimu watatu wamekaa wanamtazama na bakora imelala juu ya meza, nikamuuliza: "Wewe ndiye unayemwonea yule mdogo na kumnyang'anya pesa zake, sivyo?" Akajibu ndiyo. Nikaendelea: "Na Alhamisi hukumsukuma mtaroni?" Akajibu ndiyo. Nikaandika katika daftari kwamba amekiri yote.

Usiku, nilipoyasoma niliyoyaandika, lile swali la pili lilinikaba. Kwa Kiswahili chetu, mtu akiulizwa "Hukumsukuma?" naye akajibu "Ndiyo", maana yake ni "ndiyo, sikumsukuma", nami nilikuwa nimeandika kinyume chake. Hata ile "ndiyo" ya kwanza haikuwa na thamani, kwa sababu nilikuwa nimemfungia mambo mawili katika swali moja, nikamsukumia jibu kwa "sivyo", tena mbele ya bakora, mtoto aliyelelewa kwamba mkubwa habishwi. Na hilo neno "kuonea" ni hukumu yetu sisi wakubwa. Mtoto anajua kama alichukua, alisukuma au alitisha, lakini hajui ni wakati gani mambo hayo yanageuka kuwa uonevu.

Asubuhi nilimwomba mwalimu mkuu tuufute ukurasa ule na tuanze upya mbele ya mzazi. Hakufurahi, maana baba wa yule mdogo alikuwa akitaka jawabu siku ile ile. Nilimkumbusha kwamba Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, haikuandikwa kwa ajili ya mtoto aliyeonewa peke yake, na huyu anayetuhumiwa naye ni mtoto. Akakubali.

Baba mtu alikuwa kazini Unguja, kwa hiyo alikuja mama, siku mbili baadaye, baada ya sala ya adhuhuri, vidole vyeusi kwa kuchambua karafuu na harufu yake imetangulia mlangoni. Nilizungumza naye peke yake kwanza, kiasi cha dakika kumi. Nilimweleza ni vitendo gani mwanawe anatuhumiwa navyo, bila ya kumpa jina la mtuhumiwa wala la mkosaji, kisha nikamweleza nafasi yake: atakaa ubavuni mwa mtoto, nyuma kidogo, ili mtoto amhisi lakini asiwe akimsoma uso kila anapotaka kujibu. Ana haki ya kunisimamisha, ya kuomba mapumziko na ya kuniambia swali langu halieleweki. Asilolifanya ni kumjibia wala kumtisha.

"Maalim, mie nikinyamaza, huyu atasema nini? Namjua mwanangu."

"Ndivyo ninavyotaka, mama, tusikie atakalolisema mwenyewe. Nyumbani hujamuuliza?"

"Nimemuuliza jana," alisema, akacheka kwa aibu, "na ufagio mkononi."

Hilo nililiandika pia, pamoja na maneno aliyomuuliza na majibu aliyoyapata, kwa sababu mtoto aliyekwisha kuulizwa kwa ufagio huweza kuleta kwetu jibu lile lile lililomwokoa nyumbani.

Tulikaa katika ghala ya vitabu, viti vitatu vya urefu mmoja, mlango umerudishwa bila ya kufungwa. Kabla ya kugusa shauri nilimwambia kwamba "sijui" na "sikumbuki" ni majibu halali, na kwamba nikikosea anisahihishe. Maneno hayo peke yake mtoto huyaitikia tu kwa kichwa, kwa hiyo nilimjaribu. "Mbuzi wangu anaitwaje?" Alimtazama mama yake, kisha akasema, "Sijui." Nikasema, "Vizuri. Wewe, basi, uko darasa la nne." Akatabasamu kwa mara ya kwanza: "La, Maalim, mie niko la tano." Hapo nikajua kwamba anaweza kunikatalia.

"Nimesikia kuna jambo baina yako na mtoto mmoja wa darasa la tatu. Nieleze yote unayoyakumbuka, tangu mwanzo."

Kimya chake kilikuwa kirefu. Mama alifungua kinywa, nikainua mkono kidogo, akakifunga. Mtoto akaanza kusema taratibu: yule mdogo alishindwa gololi akawa na deni, naye akachukua shilingi 200 siku mbili. Sikumuuliza "kwa nini", kwani masikioni mwa mtoto neno hilo limeshabeba lawama. Nilimuuliza nini kilitangulia, na halafu ikawaje. Wala sikumuuliza tarehe. Nilimuuliza kama kengele ya mapumziko ilikuwa imepigwa, na walikuwa wametoka katika somo gani. Nilipomuuliza, "Ulimwambia nini ulipozichukua?", aliinamisha kichwa: "Nilimwambia akisema kwao, ataona." Kitisho hicho hakikuwamo katika malalamiko wala katika ile "kukiri" yangu ya mwanzo, nacho kilikuwa kizito kuliko pesa zenyewe.

Siku ya tatu aliikana, akasema mdogo hakuwa na pesa. Kuhusu Alhamisi alisema hakuja skuli. Alikwenda na mama kuokota karafuu. Mama alitikisa kichwa kukubali, nami nikamwambia kwa upole kwamba nitalitazama mwenyewe. Daftari la mahudhurio lilikuwa rafu ya pili nyuma yangu, na Alhamisi jina lake lilikuwa na alama ya kutohudhuria. Sikumtaka anitajie aliyesukuma. Kesho yake, baba yake yupo, yule mdogo aliniambia kwamba yeye alisema "wakubwa wa la tano", na jina akalitia baba.

Mahojiano yote yalichukua dakika 25. Nilimsomea maneno yake kama nilivyoyaandika, na nilipofika "nilimpokonya" akanizuia: "Sikumpokonya, Maalim. Nilimnyooshea mkono, akanipa." Nilikata, nikaandika alivyosema, na chini yake nikaacha kile kitisho kama kilivyo, maana mtu hunyooshewa mkono akatoa kwa sababu anajua kitakachofuata. Akaandika jina lake, mama akatia dole gumba, lililoacha doa jeusi kuliko wino.

Kisha mama alifungua fundo la kanga akatoa sarafu nne za 200, alizokuja nazo za siku nne. Nilimwambia kwamba mwalimu mkuu hajakata shauri.

"Na ya mtaroni haimo?" aliuliza.

"Haimo, mama. Na ile nyingine hatujaijua."

Alizitazama zile sarafu, akazisukuma mbili upande wangu, mbili akazirudisha fundoni.