Bado, Nimeuliza Tu

Juma lililopita mtafiti kijana ninayefanya naye kazi aliniletea rasimu ya ripoti yake, na katika ukurasa wa kwanza niliona jedwali ambalo safu yake ya mwisho iliandikwa "Amekamilisha kazi", kisha chini yake "ndiyo" zikafuatana hadi mwisho wa karatasi. Nilimwuliza kama aliwahi kuwauliza washiriki wenyewe kwamba walikuwa wamekamilisha nini. Akanitazama, na hapo nikamkumbuka yule mama wa programu ya mikopo.

Wakati ule tulikuwa tukiijaribu programu hiyo kabla haijatolewa kwa umma. Washiriki tuliowatafuta walikuwa watu waliopata simu janja kwa mara ya kwanza katika miezi ya karibuni, baada ya miaka mingi ya kutumia simu za vitufe. Mpangilio ulikuwa wa kawaida: mshiriki mmoja kwa wakati mmoja, mimi nikiongoza, mwenzangu akiandika, kamera moja ikiangalia mikono pekee na simu yenyewe ikirekodi skrini. Fomu ya ridhaa tuliisoma kwa sauti, kwa kuwa mtu asiyesoma kwa wepesi hutia saini ili tu asionekane hajui. Simu tuliyotumia ilikuwa ya bei ya chini, ya aina ambayo washiriki walikuwa nayo, kwa sababu skrini ndogo na yenye mwanga hafifu huleta shida ambazo msanifu wa programu hazioni kabisa kwenye kompyuta yake.

Kazi yenyewe tuliieleza kwa sentensi mbili: "Una shida ya 12,000. Itumie programu hii kama ambavyo ungeitumia ukiwa peke yako nyumbani." Hatukutaja kukopa, wala hatukutaja jina la kitufe chochote, maana ukilitaja neno lililopo kwenye skrini, mshiriki atalitafuta neno hilo na wewe utakuwa umepima macho yake tu.

Mama aliiweka simu juu ya kiganja cha kushoto na kutumia kidole cha shahada cha mkono wa kulia, akikikandamiza kama mtu anayebonyeza kitufe kigumu. Katika kisanduku cha kiasi, kidole kilikaa muda mrefu mno, na badala ya kibodi kikafunguka kidirisha kidogo cha kubandika maandishi. Alikiondoa kidole upesi kana kwamba ameungua, akasema, "Samahani mwanangu, nimeharibu." Nikamwambia kwamba hakuna alichoharibu na kwamba tunaipima programu, si yeye. Alijaribu tena, akaandika 12,000, akagusa "Endelea".

Ukurasa uliofuata ndio uliokuwa na masharti. Sehemu ya juu ilionyesha kiasi alichoomba kwa herufi kubwa, na kitufe cha "Endelea" kilikuwa kimebanwa chini ya skrini ili kisipotee kamwe. Kati ya hivyo viwili palikuwa na nafasi nyeupe. Maelezo yaliyokuwa na uzito yalianzia chini ya nafasi hiyo, na ili kuyaona ilibidi kuuburuta ukurasa kwenda juu: kwamba ada ya 1,200 ingekatwa mwanzoni, kwamba angepokea 10,800, na kwamba angerudisha 12,000 kwa awamu tatu za 4,000 ndani ya siku 90. Hapakuwa na mstari uliokatika katikati, wala alama yoyote ya kudokeza kuwa ukurasa unaendelea. Mama alisoma kiasi, akaangalia kitufe, akakigusa. Nani angeburuta ukurasa ambao kwa macho yake umekwisha?

Programu ikamwomba namba ya siri. Tulikuwa tumempa namba ya majaribio kwenye kikaratasi, naye akaiandika polepole, tarakimu moja baada ya nyingine, huku akiukunja mkono wa kushoto ili hata sisi tusiione. Skrini ikageuka kijani, ikaandika "Hongera! Mkopo wako umekubaliwa." Akaiweka simu mezani, akasubiri.

Kwa kipimo cha jedwali alikuwa amefaulu. Hakusaidiwa na hakurudi nyuma hata mara moja, na ukiacha kile kidirisha cha kubandika, hakupata tatizo lolote ambalo rekodi ya skrini ingelionyesha. Mwenzangu alikwisha kuweka alama. Lakini katika mwongozo wetu tulikuwa na swali moja la mwisho, nalo tuliliandika kwa uangalifu. Kumwuliza mtu "Je, sasa una deni?" hakufai, kwa sababu anajua kuwa fedha si za kweli na atajibu hapana kwa haki kabisa. Kwa hiyo nikamwuliza hivi: "Mama, tuseme programu hii ingekuwa ya kweli. Kwa hapa ulipofikia, tayari una deni, au bado?"

"Bado," alisema bila kusita. "Nimeuliza tu kama wanaweza kunipa."

Nikanyamaza. Katika kazi hii ukimya ndicho chombo kigumu kuliko vyote, kwa maana kila mtu mwenye adabu anataka kuujaza, lakini ukivumilia kidogo mshiriki ataendelea mwenyewe. Mama akaendelea. Alisema kwamba ujumbe haujaja. Angekuwa amekopa, ujumbe mfupi ungeingia na kumwambia kiasi gani kimepokelewa na salio lake ni kiasi gani. Nikamwuliza ile namba ya siri aliiandika ya nini. "Ya kufungulia," akajibu. "Hata ukitaka kuangalia salio lako lazima uiweke." Na lile neno "Hongera"? Hapo akatabasamu, akaniambia kwamba jumbe za hongera humfikia kila siku, na kwamba mwenye akili hazijali.

Kila alichosema kilikuwa sahihi. Katika huduma za fedha alizozizoea, zile za kuchagua namba kwenye menyu, namba ya siri huombwa hata kwa jambo lisilogharimu kitu, na ushahidi kwamba fedha zimehama ni ujumbe unaobaki kwenye simu. Msanifu wetu alidhani namba ya siri ni sawa na saini. Mama alikuwa na kanuni zake, zilizojengwa kwa miaka ya kushika fedha zake mwenyewe kwa simu, na programu ndiyo iliyozivunja bila kumwarifu. Nisingependa mtu yeyote asome habari hii akafikiri kwamba alikuwa mtu wa kuonewa huruma.

Jioni tulipokaa kuandika matokeo, tulitumia karatasi yenye sehemu mbili. Upande wa kushoto yaliingia tu yale ambayo mtu mwingine angeyaona na kuyasikia kwenye rekodi, pamoja na dakika yalipotokea: hakuburuta ukurasa wa masharti, aliandika namba ya siri, alisema "nimeuliza tu". Upande wa kulia ziliingia fikra zetu kuhusu sababu. Utengano huu unaonekana kama urasimu, lakini ndio uliotuokoa, kwani rasimu ya kwanza kutoka kwa timu ya bidhaa iliandika "mtumiaji hakuelewa masharti", na sentensi hiyo, ikiachwa peke yake, huzaa tiba moja tu, yaani maelezo marefu zaidi. Mama hakuwa ameshindwa kuyaelewa masharti. Hakuyaona. Na hata kama angeyaona yote, bado asingejua ni mguso upi unaomwingiza kwenye deni, na hilo lilikuwa tatizo la pili, lenye tiba yake tofauti.

Palizuka mabishano juu ya uzito wa kasoro hiyo. Tulikuwa tukitumia kipimo cha Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, kinachoanzia 0 hadi 4, ambapo 4 ni kasoro ambayo lazima irekebishwe kabla programu haijatoka. Msanifu alitaka tuandike 1, kwa hoja kwamba mshiriki alifika mwisho bila msaada. Mimi nilishikilia 4, kwa sababu ile ile: alifika mwisho bila msaada, na kule mwisho palikuwa na deni asilolijua. Katika programu ya kutafuta habari za hali ya hewa, urahisi wa kufika mwisho ni jambo jema daima. Katika mkopo, hatua moja inapaswa kuwa nzito kidogo, nayo ni ile ya kukubali.

Meneja naye alitaka asilimia. Washiriki walikuwa watano, na watatu kati yao walijibu kwa namna iliyoonyesha kwamba hawakujua wamekwisha kukopa, hivyo akaandika "asilimia 60" kwenye wasilisho lake. Tulimwomba aifute. Watu watano wanatosha kugundua kwamba shimo lipo, lakini hawatoshi kusema ni wangapi katika umma watatumbukia humo. Aliifuta, ingawa si kwa furaha, nami namshukuru hata leo.

Marekebisho hayakuchukua muda. Ukurasa wa masharti ulifupishwa hadi ukaenea kwenye skrini ndogo bila kuburutwa: "Unapokea 10,800 leo. Utalipa 4,000 mara tatu. Jumla utalipa 12,000." Kitufe cha "Endelea" kikabadilishwa kuwa "Chukua mkopo huu", na kando yake kikawekwa kingine cha ukubwa ule ule, "Sitaki sasa". Skrini ya kijani ikaondolewa neno la hongera, na ujumbe mfupi ukaanza kutumwa mara tu mkopo unapokubaliwa, ukitaja kiasi na tarehe ya awamu ya kwanza.

Tulipojaribu tena na washiriki wengine, kila aliyefika mwisho alijibu swali langu kwa usahihi. Ila sasa si wote waliofika mwisho. Mzee mmoja aliusoma ukurasa ule kwa sauti, akakunja vidole akihesabu tofauti kati ya 10,800 na 12,000, kisha akagusa "Sitaki sasa" na kusema kwamba atalifikiria kwanza. Mwenzangu akaniuliza aandike nini kwenye safu ya kukamilisha kazi. Niliongeza safu mpya, "Ameacha akijua", na timu ya bidhaa ikaiita hasara.

Nimelitafakari jambo hili mara nyingi, na sijalimaliza. Naamini mzee yule alijua anachokikataa, kwa kuwa nilimsikia akihesabu. Lakini wapo wengine wawili waliogusa kitufe kile kile bila kusema neno, na nilipowauliza walijibu kwamba hawakutaka tu. Huenda walielewa, huenda waliogopa namba tatu zilizowekwa mbele yao kwa mara moja, na huenda walidhani sisi ndio tuliotaka wakatae. Katika safu ile niliwaandika wote kwa alama moja na mzee, na kando ya alama zao mbili niliweka kiulizo ambacho hakikuingia kwenye wasilisho.