Ankara ya siku 60 ilivyonipa hela ya mahindi

Ninasaga na kuuza sembe Kizota, hapa Dodoma. Mteja wangu mkubwa ni kampuni inayopikia wafanyakazi kwenye kambi za ujenzi. Anachukua mzigo mkubwa na hajawahi kunidhulumu, ila malipo yake ni baada ya siku 60, na mara nyingi siku hizo huzidi. Huku Kibaigwa mahindi ni ya taslimu, na bei yake nzuri ni ile ya baada ya mavuno tu. Mauzo yalikuwa yakienda vizuri na ghala likibaki tupu.

Nilichofanya ni kuipeleka ankara benki ili nipewe sehemu kubwa ya fedha kabla mteja hajalipa. Huu si mkopo wa oda. Mkopo wa oda unaombwa kabla hujapeleka mzigo. Huu unataka mzigo uwe umeshapokelewa, na deni liwe limekubaliwa na anayedaiwa.

Neno "limekubaliwa" ndilo lililonipa kazi. Ankara na risiti ya EFD nilikuwa nazo, lakini benki ilitaka vitu viwili zaidi: hati ya kupokea mzigo iliyosainiwa na kugongwa muhuri na mtunza stoo wa mteja, ikionyesha mifuko mingapi imekubaliwa, na barua ya mteja kwamba deni analitambua na atalilipa kwenye akaunti iliyotajwa na benki. Mhasibu wake aligoma. Alihofu kuwa kampuni inaingizwa kwenye mkopo wangu. Nikamwambia, "Kaka, deni ni lilelile na tarehe ni ileile. Kinachobadilika ni namba ya akaunti." Hakunijibu siku hiyo. Aliipitia kwanza mikataba yetu, na alikuwa na haki, kwa sababu kulikuwa na kifungu kinachokataza kuhamisha haki ya malipo bila idhini ya maandishi ya mnunuzi. Bosi wake alipoandika idhini, mhasibu akasaini. Anayefikiria njia hii aanze kukitafuta kifungu hicho kwenye mkataba wake, kabla ya kupanda ngazi za benki.

Ankara yenyewe ilikuwa ya mifuko 500 ya kilo 25, kila mfuko shilingi 40,000, jumla milioni 20. Benki ilinipa asilimia 80, yaani milioni 16. Hapo hapo ikakata riba ya asilimia 2 kwa mwezi kwa miezi miwili, shilingi 640,000, na ada ya asilimia 1, shilingi 160,000. Mkononi nilipata milioni 15.2, nikaenda nazo Kibaigwa wiki hiyohiyo.

Ile asilimia 20 iliyobaki niliiona kama uonevu, mpaka siku ya malipo. Mteja alirudisha mifuko 10 iliyoshika unyevu akakata shilingi 400,000, kisha akalipa siku ya 75 badala ya 60. Akaleta milioni 19.6. Benki ikachukua milioni 16 zake na shilingi 160,000 za riba ya siku 15 zilizozidi, nikabakiwa na milioni 3.44. Makato kama hayo ndiyo yanayoifanya benki isikupe ankara nzima.

Kwa hiyo fedha ya benki ilinigharimu shilingi 960,000. Faida yangu kwenye mzigo ule, kabla ya gharama hiyo, ilikuwa kama milioni 3. Karibu theluthi moja imekwenda. Si kidogo. Imenilipa kwa sababu oda ya pili ilikuwa imeshaandikwa, na yale mahindi ya milioni 15.2 yaligeuka unga ulioniletea zaidi ya milioni 2 na nusu katika muda ambao ningekuwa nasubiri. Bila oda ya pili, au kwa biashara yenye faida ya asilimia 5, hesabu hii inakataa kabisa. Na kulipia ada za shule kwa fedha hii ni kujinyonga.

Kuna jambo afisa wa benki alilitamka haraka, nami nikamwomba alirudie. Mteja asipolipa, benki inarudi kwangu. Hatari ya mteja kufilisika haijaondoka mabegani mwangu, kilichosogezwa ni tarehe tu. Ndiyo maana napeleka ankara za mteja huyu peke yake, ambaye huchelewa lakini hulipa. Yupo mwingine ambaye kila mwezi hubishia idadi ya mifuko. Ankara zake sizipeleki, kwa sababu mgogoro mmoja juu ya mzigo unatosha kusimamisha malipo huku riba ikihesabiwa.

Siku hizi dereva wangu haondoki kambini kabla mtunza stoo hajafungua mifuko michache, akahesabu yote na kusaini mbele yake. Mifuko yenye kasoro inarudi na gari lilelile, na ankara naiandika jioni kwa idadi iliyokubaliwa.