Namba ya NIDA ilisema Juni, cheti kinasema Januari

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Yangu ilianza na 19850601, wakati cheti changu cha kuzaliwa kinasema 6 Januari 1985, yaani 19850106. Siku na mwezi vilipishana.

Mara ya kwanza nilikataliwa kwa sababu barua yangu iliomba "kubadilisha tarehe ya kuzaliwa". Kwa afisa, maneno hayo yana harufu ya mtu anayejipunguzia umri ili asogeze mbele kustaafu. Isitoshe, namba hiyohiyo imeshasajili laini ya simu kwa alama za vidole na imeshafungua akaunti ya benki. Kugusa tarehe ni kugusa vyote hivyo. Kinachoombwa ni marekebisho ya taarifa, na lazima uonyeshe kosa liliingilia wapi.

Kwa hiyo niliomba kwanza kuoneshwa fomu niliyojaza wakati wa kujiandikisha. Kama fomu ni sahihi na kompyuta ndiyo imekosea, kazi ni nyepesi, kwani ushahidi wanao wenyewe. Fomu yangu ilikuwa na kosa, kwa mwandiko wangu na sahihi yangu chini. Hapo mzigo wa kuthibitisha ukawa wangu.

Kilichonibeba ni cheti cha kuzaliwa kilichosajiliwa mwaka huohuo wa 1985. Afisa hutazama tarehe ya kusajiliwa kabla hata ya tarehe ya kuzaliwa. Cheti kilichochukuliwa baada ya kitambulisho kutoka kinaweza kuwa halali kabisa, lakini kinatiliwa shaka, maana huenda kilitafutwa kwa ajili ya shauri hilihili. Mwenye cheti cha namna hiyo aongeze karatasi za zamani: kadi ya kliniki, kumbukumbu za shule ya msingi. Cheti chenyewe kihakikiwe RITA kwanza, la sivyo faili litasimama katikati ya safari.

Niliapa pia mbele ya wakili. Hati ya kiapo ilitaja tarehe zote mbili, ikaeleza jinsi zilivyopishana na ipi ni sahihi. Wengi huja na kiapo peke yake wakashangaa kurudishwa. Kiapo ni kauli yako mwenyewe, hakiwezi kujithibitisha. Kinaeleza tu karatasi nyingine. Na kuapa uongo ni kosa la jinai.

Barua ya pili ilikuwa ya mistari minane, imeandikwa "maombi ya marekebisho", na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Bila nakala hiyo, ukiulizia faili huna pa kuanzia.

Ukijibiwa, uliza kama namba imebaki ileile. Ikiwa imebadilika, nenda benki, kwenye mfuko wa pensheni, TRA na kampuni ya simu ukiwa na uthibitisho wa marekebisho mkononi. Mtumishi wa umma asitegemee kwamba jalada lake la ajira litafuata lenyewe: mwajiri hushika tarehe uliyoandika siku ya kuajiriwa.